Meseji za Mshahara Zilipokwenda Mwanza

Jumapili moja ya Julai 2023 dada yangu alikuwa anaanika nguo, simu ikaita. Namba ngeni. Akapokea kwa mkono uliolowa.

"Shikamoo, mwalimu. Samahani kwa usumbufu. Mimi niko Mwanza, nimenunua laini hapa mwezi wa tano, sasa kila mwisho wa mwezi napata meseji ya benki kwamba mshahara umeingia. Jina ni lako. Na jana nimefungua WhatsApp nikajikuta kwenye grupu la walimu. Ndiyo nikawauliza, wakanipa namba yako hii."

Dada akakaa kwenye ndoo aliyokuwa ameigeuza. Kijana yule alimsomea meseji ya Juni neno kwa neno: kiasi kilichoingia, salio lililopo, na tarakimu za mwisho za akaunti. Vyote vilikuwa sahihi.

Tumshukuru Mungu kwamba laini ile iliangukia kwa mtu muungwana. Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuwashika watu mkono kila nikisikia wanahama mtandao, na nimeona heri niyaandike kwa utaratibu, kwa sababu kosa alilolifanya dada yangu ni dogo kiasi kwamba karibu kila mtu hulifanya.

Mwezi Januari mwaka huo alikuwa amehamishwa kutoka Morogoro mjini kwenda shule ya kijijini, wilayani Tunduru. Mtandao aliouzoea haukushika pale. Ilibidi upande kichuguu nyuma ya ofisi ya kijiji ndipo upate vijiti viwili. Akanunua laini ya mtandao unaoshika, akawapigia ndugu na marafiki kuwapa namba mpya, na ile kadi ya zamani akaitia kwenye bahasha ya barua ya uhamisho. Hakuiwekea vocha wala kuitia tena kwenye simu. Kwake yeye jambo lilikuwa limekwisha, maana kila aliyempenda alikuwa na namba mpya.

Waliobaki na namba ya zamani hawakuwa watu. Ilikuwa benki, barua pepe, WhatsApp, mfuko wa fedha wa simu, na vingine vingi ambavyo havisikii habari za uhamisho mpaka uviambie kimoja kimoja.

Laini ikikaa miezi kadhaa bila kutumika, kampuni huifunga na namba yake hurudi stoo. Haina budi. Chukua namba zetu za Tanzania: tarakimu tatu za mwanzo zinatambulisha mtandao, zinabaki saba. Tarakimu saba haziwezi kutoa zaidi ya namba milioni kumi. Kwa hiyo namba zilizoachwa husafishwa na kuuzwa upya, na aliyenunua huisajili kwa alama zake za vidole na kitambulisho chake cha NIDA kama mwenye mali halali, kwa sababu ndivyo alivyo. Kampuni ya simu haina daftari la akaunti ulizofungua kwa namba ile. Haijui benki yako wala barua pepe yako, na hakuna anayeitaarifu benki kwamba namba imebadilisha mwenyewe.

Mwaka 2021 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, Kevin Lee na Arvind Narayanan, walichukua namba 259 ambazo kampuni mbili kubwa za simu zilikuwa zinawapa wateja wapya. Katika hizo, 171 zilikuwa bado zimefungamana na akaunti za watu wa zamani kwenye tovuti maarufu. Ni theluthi mbili. Hiyo ni Marekani, lakini utaratibu wa kurudisha namba sokoni ni huo huo kwetu.

Kilichonishangaza zaidi katika kisa cha dada yangu ni WhatsApp. Miezi yote ile alikuwa anaitumia kwa namba ya zamani, huku laini iliyomo kwenye simu ni mpya, na hakuona tatizo lolote. WhatsApp hukagua namba siku unapoisajili tu. Ukishaingia, inaendelea kufanya kazi hata kadi ikiwa kwenye bahasha. Kwa hiyo watu wengi hudhani akaunti yao imeshahamia laini mpya. Siku yule kijana alipoweka WhatsApp kwa namba aliyoinunua, tarakimu sita za kuthibitisha zilikwenda kwake, akaziandika, na simu ya dada ikatolewa. Mazungumzo ya zamani kijana hakuyaona, maana hayo hukaa ndani ya simu ya mwenyewe. Lakini magrupu yalibaki na namba ile, na kila ujumbe mpya wa walimu, wa kikoba na wa wazazi wa darasa la saba ulianza kumfikia yeye. Dada aliona tu maandishi kwamba namba yake haijasajiliwa tena kwenye simu ile, akadhani simu ina matatizo, akaipuuza mpaka alipopigiwa.

Tulikaa siku nzima kurekebisha, mimi nikiwa Dar es Salaam na yeye huko, tukielekezana kwa simu. Barua pepe tuliiokoa kwa bahati moja: simu yake ilikuwa haijawahi kutoka kwenye akaunti ya Gmail. Alipoingia kwenye mipangilio ya usalama kubadili namba, Google ilimuuliza nywila, akaikumbuka, na mambo yakaisha. Angekuwa amepoteza simu au kuisafisha upya katika miezi ile mitano, angeombwa namba ya uthibitisho, na ingekwenda Mwanza.

Benki ilimbidi asafiri hadi Tunduru mjini. Akajaza fomu, akaonyesha kitambulisho, akapewa huduma ya benki ya simu kwa namba mpya. Akarudi akiwa na amani. Mwisho wa Julai kijana wa Mwanza akapiga tena. "Mwalimu, imeingia." Kumbe pale benki namba ya simu ilikuwa imeandikwa mahali pawili: ile ya kufanyia miamala na ile ya kupelekewa taarifa za akaunti. Karani alibadilisha moja. Dada hakujua aulize ya pili, na mimi niliyekuwa nikimwelekeza sikujua pia. Safari nyingine, nauli nyingine.

Na kwenye mfuko wa fedha wa laini ya zamani kulikuwa na 64,000 za akiba yake ya dharura. Mfuko huo ndio jambo ambalo watu hulielewa vibaya kuliko yote. Akaunti ya benki ina namba yake, na simu ni kiambatisho unachoweza kukibadilisha. Fedha za kwenye simu hazina kiambatisho: namba ndiyo akaunti yenyewe. Hakuna mahali pa kubadilisha namba, kuna kuhamisha fedha tu, na uzihamishe wakati laini bado iko hai na namba ya siri unaikumbuka. Laini ikishafungwa unabaki kwenda dukani kwa kampuni na kitambulisho, kuandika maelezo na kungoja. Dada alingoja wiki sita.

Mwaka uliofuata ikawa zamu yangu kuhama mtandao. Nitaeleza nilivyofanya, siku kwa siku, maana nadhani mpangilio una uzito kuliko orodha yenyewe.

Kabla ya kununua laini mpya nilikaa na daftari nikafungua meseji zangu, nikashuka nazo mpaka mwaka mmoja nyuma. Sikuzisoma. Nilitazama majina ya waliotuma tu. Kila anayekutumia meseji kwa jina badala ya namba ni mtu aliyekuandika mahali. Niliwapata thelathini na mmoja. Baadhi walikuwa wa matangazo, nikawaacha. Waliobaki kumi na tisa niliwaandika: benki mbili, bima ya afya, mfuko wa hifadhi ya jamii, mamlaka ya mapato kwa sababu ya namba yangu ya mlipakodi, shule ya mtoto, kampuni ya maji, tovuti ninayokatia tiketi za basi, na kadhalika. Kisha nikatafuta ndani ya meseji maneno "uthibitisho" na "code", kwa sababu huduma za nje hutuma tarakimu zao kwa Kiingereza. Hapo zikajitokeza nne ambazo nisingezikumbuka kamwe, ikiwemo akaunti ya Facebook ya duka la mke wangu, niliyoifungua mimi kwa namba yangu.

Laini mpya nikaisajili, nikaitia kwenye nafasi ya pili ya simu, ya zamani ikabaki mahali pake. Hili ni sharti. Huduma nyingi, ukitaka kubadili namba, hutuma tarakimu kwenye namba ya zamani kuhakikisha ni wewe, na nyingine kwenye namba mpya kuhakikisha ipo. Ukiwa na moja tu, mlango unafungwa. Kama simu yako ina nafasi ya laini moja, azima kitochi kwa wiki chache.

Nilianza na barua pepe, kwa sababu ndiyo mama wa nyingine. Ukisahau nywila ya Facebook, ya tiketi, hata ya mifumo ya serikali, kiungo cha kurekebisha huja kwenye barua pepe. Anayeishika barua pepe yako anaweza kuzifungua nyingine zote. Kwenye Google usiridhike ukiona namba mpya mahali pamoja. Namba ya kurudishia akaunti ukijifungia nje ni moja, na namba ya kupokelea tarakimu wakati wa kuingia ni nyingine, kila moja na ukurasa wake. Kubadilisha ya kwanza hakuibadilishi ya pili. Ni kosa lile lile la benki ya dada. Pia, baada ya kubadili namba ya kurudishia akaunti, Google inaweza kuendelea kwa siku saba kutoa nafasi ya kutuma tarakimu kwenye namba ya awali. Wameweka hivyo kumlinda mtu aliyebadilishiwa namba na mwizi. Lakini maana yake kwako ni kwamba namba ya zamani isitoke mikononi mwako ndani ya wiki hiyo. Ukiwa hapo hapo kwenye usalama, toa zile namba kumi za akiba, kila moja ina tarakimu nane, uziandike kwenye karatasi. Kila moja hutumika mara moja, na hazihitaji laini yoyote. Zangu ziko kwenye bahasha ya hati ya kiwanja.

Jumatatu nikaenda benki zote mbili na kitambulisho. Kwenye kila dirisha nilisema kwa maneno haya haya: "Naomba mbadilishe namba kwenye taarifa za akaunti, kwenye benki ya simu, na kwenye kadi." Karani wa benki ya pili alitabasamu, akafungua ukurasa ambao naamini asingeufungua. Sikuondoka hadi nikatoa 5,000 kwenye mashine ya nje na kuona meseji imelia kwenye laini mpya. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini. Maneno "tumeshabadilisha" hayatoshi. Fanya muamala mdogo au omba tarakimu za kuingia, usikilize ni simu ipi inalia.

WhatsApp ni ya dakika tano, ukijua mahali. Ndani ya mipangilio, upande wa akaunti, kuna sehemu ya kubadilisha namba. Unaandika ya zamani, unaandika mpya, inathibitisha mpya, na magrupu yako yote yanahama nawe. Watu wengi hufuta programu na kuanza upya kwa namba mpya. Wakifanya hivyo, namba ya zamani inabaki kwenye magrupu ikimngojea mnunuzi. Ukishahama, weka namba ya siri ya tarakimu sita ambayo WhatsApp hukuomba uitunge mwenyewe. Dada angekuwa nayo, kijana wa Mwanza angekwama siku saba mlangoni.

WhatsApp pia hukupa nafasi ya kuwajulisha watu kwamba umebadili namba, na naishauri kwa sababu ya mazingira yetu. Nchini kwetu meseji ya "ile hela itume kwenye namba hii" imetumiwa na matapeli mpaka mtu mwenye akili timamu hawezi kuiamini. Ukiwaandikia ndugu kutoka namba ngeni kwamba "hii ndiyo namba yangu mpya", wengi watakufungia, na wana haki. Mimi niliwapigia kwa laini ya zamani, wakasikia sauti, nikawatajia mpya. Mama aliniuliza jina la mbuzi wetu wa kwanza kabla ya kuiandika.

Fedha za kwenye simu nilizihamisha mwisho. Kwanza nililipa kile kidogo nilichokuwa nimekopa kwenye laini, kwa sababu deni hukatwa fedha zinapoingia na linaweza kukuvuruga hesabu. Nikatoa kilichokuwa kwenye akiba ya ndani ya mfuko, ambacho hakionekani kwenye salio la kawaida na hivyo husahaulika. Kisha nikatuma kiasi chote, nikibakiza cha ada ya kutuma. Wenye kikoba kinachohifadhi fedha kwenye simu, na wewe ni mmoja wa wanaoidhinisha utoaji, msimamishe kwanza jambo hilo kwenye kikao. Namba yako ikifungwa, fedha za wenzako nazo zinakwama.

Mtu ataniuliza: si nielekeze tu simu za laini ya zamani ziingie kwenye mpya? Inawezekana, kwa kubonyeza hivi, ukiweka namba mpya katikati:

```
**21*0XXXXXXXXX#
```

Na kuondoa ni `##21#`. Lakini hiyo huhamisha simu za sauti. Meseji hazifuati. Tarakimu za benki na za Google huja kwa meseji, kwa hiyo nguzo yenyewe inabaki pale pale.

Mwingine atasema: mbona siku hizi unahama mtandao na namba yako? Ni kweli, na kwa wengi ndiyo njia bora. Kenya iliruhusu mwaka 2011, Tanzania Machi 2017. Unakwenda kwa wakala wa mtandao unaohamia, unatuma neno `HAMA` kwenda `15080` kutoka kwenye laini yako, unapewa kadi mpya yenye namba ile ile. Benki, barua pepe na WhatsApp hazihitaji kuguswa. Mpaka wake ni mfuko wa fedha: huo ni wa kampuni, hauhami nawe, na vocha iliyobaki pia haihami. Toa fedha kabla ya kutuma neno lile. Ukiwa kwenye mtandao mpya unafungua mfuko mpya. Kwa dada yangu njia hii ingemwepusha na yote niliyoyasimulia, ukiacha ile 64,000.

Njia hiyo haimsaidii anayehama nchi. Nina binamu Maskati ambaye laini yake ya Zanzibar ndiyo inayofungua akaunti yake ya benki ya nyumbani. Anaitia kwenye simu ya pili, ameomba kampuni imwashie huduma ya kutumika nje kabla hajapanda ndege, na kila mwezi anaiwekea vocha na kupiga simu moja fupi nyumbani ili isihesabiwe kuwa imekufa.

Mimi laini yangu ya zamani niliitia kwenye kitochi, nikakiweka juu ya kabati la vyombo, kikiwa na chaji. Nikawaambia wa nyumbani kwamba kikilia, kuna mahali nimepasahau. Wiki ya kwanza kililia mara tatu: kampuni ya maji, zahanati ya mtoto, na duka la dawa lenye kadi ya wateja. Mwezi wa pili mara moja. Kila kilipolia nilikwenda nikabadilisha, nikaandika tarehe kwenye daftari. Mwezi wa tatu hadi wa kumi kimya kabisa, na mke wangu akawa anauliza kwa nini bado nakiwekea vocha ya mia tano kila mwezi.

Mwezi wa kumi na moja, usiku tukila, kitochi kikalia juu ya kabati. Bima ya pikipiki, inayokwisha baada ya siku kumi na nne. Hutuma meseji mara moja kwa mwaka. Nikachukua daftari.